Ushauri wa haraka: Kampuni imenirudishia CV, inataka niijaze kwenye fomu ya TECH-6

Takwimu_Tu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Kuna kampuni ya ushauri inaomba zabuni ya mradi wa maji vijijini, fedha za Benki ya Dunia, na wananitaka niwe mtaalamu wao wa ufuatiliaji na tathmini. Niliwatumia CV yangu ya kurasa mbili, ndiyo ninayoombea kazi siku zote. Wameirudisha, wanasema niijaze kwenye TECH-6, nisaini, waipate kabla ya kesho mchana.

Nimeifungua naona majedwali tu. Iwe kurasa ngapi? Na lile jedwali la mwisho lenye safu mbili nijaze nini, mbona kama linarudia yaliyo juu? Hadidu za rejea zinataka shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka 10 na kazi zinazofanana angalau 3. Vyote ninavyo.

Nyuki_Mkali
Miaka 10 kwenye kurasa mbili? Mkuu ulikuwa unaandika kwa mkato wa telegramu 😂

Sugu_wa_Fomu
Mimi nimejaza P11 za Umoja wa Mataifa mpaka nimezoea. Siri ni moja tu, usiache pengo. Weka kila kazi tangu umalize shule, mwezi na mwaka, mshahara wa kuanzia na wa mwisho, jina la msimamizi na sababu ya kuondoka. Hawa wafadhili wote ni walewale.

Mzee_wa_Zabuni
Sio walewale, ndugu yangu. P11 inadai historia yako nzima, hapo uko sahihi. TECH-6 yenyewe imeandikwa kwamba ajira isiyohusiana na kazi inayoombwa si lazima uiweke, na habari za mshahara haina. Ukimwaga kila kitu, kazi tatu zenye maana zinazama katikati ya kazi kumi zisizo na maana.

Mleta mada, achana na kurasa, labda kama maombi ya mapendekezo yameweka kikomo. Hilo jedwali unaloona linarudia ndilo lenye alama. Mtaalamu anapimwa kwa sifa za jumla, kufaa kwake kwa kazi hii, na uzoefu wa eneo. Hicho cha katikati kwa kawaida ndicho kinachobeba asilimia 60 hadi 80 ya alama zako. Safu ya kushoto unaweka majukumu utakayopewa wewe ndani ya timu, unayatoa kwenye hadidu za rejea. Kulia unaweka kazi uliyokwisha kuifanya inayothibitisha jukumu lilelile. Hebu tuandikie mstari mmoja tuuone.

Takwimu_Tu
Asante Mzee. Nimeandika hivi. Kushoto: "Kuandaa viashiria na kusimamia ukusanyaji wa takwimu." Kulia: "Nina uzoefu mkubwa wa kuandaa viashiria katika miradi mbalimbali ya kijamii."

Mzee_wa_Zabuni
Sasa jiweke kwenye kiti cha mjumbe wa kamati. Ana rundo la CV na karatasi ya alama inayouliza "kazi zinazofanana: ngapi?" Kwenye "miradi mbalimbali" atahesabu nini? Atakupa alama ya huruma, au asikupe kabisa. Umewahi kufanya mradi wa maji?

Takwimu_Tu
Ndiyo. Tathmini ya huduma ya maji vijijini, Machi 2020 hadi Februari 2021. Nilitengeneza viashiria 14, nikafanyia dodoso majaribio, nikasimamia wakusanya takwimu, nikaandika sura ya uendelevu wa visima.

Mzee_wa_Zabuni
Na hiyo ulikuwa unaificha! Kulia andika hivi: "Tathmini ya huduma ya maji vijijini, Machi 2020 – Februari 2021, mteja (jina lake kamili), nafasi: mtaalamu wa ufuatiliaji. Niliandaa viashiria 14, nilijaribu dodoso, nilisimamia wakusanya takwimu, niliandika sura ya uendelevu wa visima." Kisha kazi hiyohiyo ionekane kwenye jedwali la ajira, tarehe zilezile, jina lilelile la mteja, pamoja na mtu wa kupigiwa simu. Kazi iliyotajwa chini lakini juu haipo ndiyo inayomfanya mjumbe aanze kukuchunguza.

Mshona_Ripoti
Afadhali yenu na Benki ya Dunia. Mimi nilijaza fomu ya Umoja wa Ulaya, kwenye lugha kuna kipimo cha 1 hadi 5. Kwa akili ya kawaida nikajipa 5 kila mahali. Kumbe 1 ndiyo bora na 5 ndiyo ya chini. Nikaonekana mtaalamu asiyejua hata lugha ya ripoti yake. Kampuni yenyewe haikugundua, ikapeleka hivyohivyo.

Miezi_Mtu
Mleta mada, hiyo kazi ya Machi 2020 hadi Februari 2021 ulilipwa siku ngapi?

Takwimu_Tu
Siku 40. Lakini mkataba ulikuwa wa mwaka mzima, si ndio?

Miezi_Mtu
Basi una miezi miwili ya uzoefu, sio mwaka. Nimekaa kwenye kamati iliyohesabu hivyo.

Mzee_wa_Zabuni
Na mimi nimekaa na iliyohesabu tarehe za kalenda. Inategemea kamati. Ninachofanya ni kuandika vyote viwili, kipindi cha mkataba na siku za kazi. Mjumbe mkali hana la kukushika, na mpole atahesabu anavyotaka. Ila ukifanya kazi mbili ndani ya mwezi uleule, mwezi huo hauhesabiwi mara mbili, hapo wote wanakubaliana.

Mleta mada, hiyo miaka 10 umeipataje? Na ni 10 ya nini?

Takwimu_Tu
Hadidu zinasema 10 ya kazi kwa jumla, ndani yake 5 ya ufuatiliaji na tathmini. Mimi 2013 hadi 2017 nilikuwa karani wa takwimu. 2017 hadi Desemba 2020 afisa ufuatiliaji, ajira ya kudumu. Baada ya hapo mikataba mifupi. Ila kwenye ile nyingine waliweka afisa ufuatiliaji tangu 2013, wakasema inasomeka vizuri zaidi.

Nyuki_Mkali
"Ile nyingine" ipi tena? 👀

Takwimu_Tu
Kuna kampuni nyingine nilisaini nayo wiki iliyopita.

Mzee_wa_Zabuni
Zabuni nyingine au hiihii?

Takwimu_Tu
Hiihii.

Nyuki_Mkali
Ngoja nivute kiti.

Takwimu_Tu
Msinihukumu wakuu. Hakuna kampuni iliyoniahidi chochote. Wakikosa wanakusahau, wakishinda ndio unapata kazi. Nikiwa kwenye zote mbili nafasi yangu inaongezeka, kuna ubaya gani? Na cheo sikukibadilisha mimi, walibadilisha wao. Kazi nilizofanya zilikuwa za afisa hata kama barua iliniita karani.

Bi_Mkubwa_Ofisini
Kijana, tamaa hiyo. Sisi tulilelewa kwamba neno la mtu ni moja.

Mshona_Ripoti
Bi Mkubwa, kampuni zenyewe zina neno moja? Mimi walishinda kwa CV yangu, kufika utekelezaji wakaleta mtu wao wa bei nafuu. Mkataba unataka anayeingia awe na sifa sawa au zaidi yangu. Nani alikwenda kuhakiki?

Mzee_wa_Zabuni
Tuache maadili kidogo, tuangalie karatasi. Kwenye maombi ya mapendekezo kuna karatasi ya data ya zabuni, na humo kuna kipengele kinachosema kama mtaalamu anaruhusiwa kuonekana kwenye pendekezo zaidi ya moja. Hiyo isome leo. Kama hairuhusiwi, unaziingiza kampuni zote mbili matatani.

Hata kama inaruhusiwa, CV zako mbili zitakuwa mezani kwa kamati ileile, zikijazwa kwenye jedwali lilelile la ulinganisho. Moja inasema 2013 karani, nyingine 2013 afisa. Na chini ya zote mbili umesaini kwamba maelezo ni sahihi, kwamba utapatikana ukihitajika, na kwamba unaelewa upotoshaji unaweza kukuondoa wewe na hata kukuletea vikwazo vya Benki. Sahihi ni yako. Aliyebadilisha cheo hatajulikana.

Na kinachoniuma zaidi, hukuhitaji huo uongo. Ukarani 2013 hadi 2017 unaingia kwenye miaka 10 ya jumla. Ile 5 ya ufuatiliaji inaanzia 2017, na ukijumlisha mikataba yako mifupi inatosha.

Miezi_Mtu
Inatosha kuvuka mstari. Lakini ikiwa alama zinapanda kadiri miaka ya fani inavyoongezeka, kampuni ilijua inachofanya. Sisemi ni sawa, nasema ndiyo sababu.

Halafu kuna jingine. Ulikuwa ajira ya kudumu mpaka Desemba 2020, na mkataba wa maji unaanza Machi 2020. Mwajiri alijua?

Takwimu_Tu
Nilifanya kwa likizo na wikendi. Alijua kwa mdomo.

Chonjo
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Akaunti imefunguliwa leo. Mtu ana shahada ya uzamili na mikataba kibao, leo haijui TECH-6, halafu katikati ya uzi anatuambia aliisaini wiki iliyopita! Aliyesaini alishindwaje kujua jedwali la mwisho lina nini? Huyu ni karani wa kampuni fulani, kapewa CV kumi ajaze usiku huu, anataka Mzee amfanyie kazi bure.

Nyuki_Mkali
Ee bwana, hapo umenena. Mleta mada jitetee.

Takwimu_Tu
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wenzangu wa kazini wanaijua. Na ile ya kwanza sikuijaza mimi. Niliwapa CV yangu ya kurasa mbili, wakajaza wao, wakanitumia ukurasa wa mwisho tu nisaini. Hilo la cheo nimelijua kwa sababu mtu wao wa ofisini aliniambia kwenye simu.

Mzee_wa_Zabuni
Hapo namwamini, Chonjo. Ukurasa wa sahihi peke yake ni mchezo wa kila siku usiku wa kuamkia kuwasilisha. Mleta mada, kwa hiyo hujui nini kingine kimeandikwa juu ya sahihi yako. Waandikie baruapepe sasa hivi, sio simu, uombe nakala kamili ya CV iliyopelekwa au itakayopelekwa. Useme wazi kwamba cheo cha 2013 hadi 2017 ni karani wa takwimu na unataka kisahihishwe. Na hii ya kesho saini kila ukurasa na uweke tarehe.

Chonjo
Sawa, tuseme ni kweli. Mbona hajasema karatasi ya data inasemaje? Jibu lipo kwenye faili analoombwa kujaza.

Takwimu_Tu
Sina hiyo karatasi. Wamenipa hadidu na fomu tu. Nimewaomba hawa wa kesho, wanasema nisiwe na wasiwasi, ni mambo ya ofisi. Wale wa kwanza nimewaandikia kama Mzee alivyosema. Wamejibu kwamba andiko limeshafungwa, na wamenitumia tena ule ukurasa wa sahihi.

Miezi_Mtu
Limefungwa sio limewasilishwa. Siku ya mwisho si bado?

Takwimu_Tu
Ni keshokutwa. Ila nikiwasumbua sana wataniondoa, na hawa wa pili wenyewe sina uhakika nao. Nafikiria nijaze hii kwa ukweli, ile ya kwanza niiache ilivyo.

Bi_Mkubwa_Ofisini
Si nilisema?

Mzee_wa_Zabuni
Ukiiacha ilivyo, hii ya kweli ndiyo itakayoiumbua ile. Chagua kampuni moja kabla ya kesho mchana. Nyingine uiandikie kwamba umejiondoa na hawana ruhusa ya kutumia sahihi yako, nakala ujitumie mwenyewe. Mstari wa pili wa lile jedwali utuletee hapa nikuangalizie.