Wizara inataka tufungue ghala la hasara: nipigeje kura kwenye bodi?

Mjumbe_Mpya
Salaam wakuu. Niko kwenye bodi ya shirika la serikali la kuhifadhi nafaka hapa Kenya. Aliyeniteua ni waziri. Majuzi mwenyekiti alipigiwa simu kutoka wizarani: tufungue ghala katika eneo fulani kabla ya mavuno. Kulikarabati ni milioni 60. Linabeba magunia 20,000 ya kilo 90, na tunatoza shilingi 25 kwa gunia kwa mwezi. Mishahara, ulinzi, umeme na dawa za wadudu ni 620,000 kwa mwezi. Meneja anakisia litajaa asilimia 40 tu. Sasa tumeletewa azimio la kutia saini bila kikao. Nifanyeje?

Baba Wangari
Ndugu, serikali ndiyo mwenye mali. Waziri amekuteua, anaweza kukutoa kesho. Tia saini au jiuzulu.

Katibu Mstaafu
Baba Wangari, kuhusu kutolewa umesema kweli. Kuhusu simu, sikubaliani nawe. Nilikuwa katibu wa shirika kwa miaka mingi, na kama shirika lake liko chini ya Sheria ya Mashirika ya Serikali, Sura 446, kifungu cha 7 kinampa Rais uwezo wa kuielekeza bodi. Simu ya afisa wa wizara siyo maelekezo hayo.

Mjumbe, hesabu yako yenyewe inatosha kuzungumza. Ghala likijaa pomoni linaingiza 500,000, yaani bado mnakosa 120,000 kila mwezi. Likijaa asilimia 40 linaingiza 200,000, na pengo linakuwa 420,000, zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, kabla hamjarudisha hata shilingi ya zile milioni 60. Kwa ada hiyo hakuna kiwango cha wateja kitakacholiokoa, kwa hiyo usikubali mjadala ugeuke kuwa wa kama wakulima watakuja au hawatakuja.

Usitie saini lile azimio. Karatasi inayozungushwa haina maswali wala haina kumbukumbu za nani alisema nini. Mwandikie katibu wa shirika, leo, kwamba jambo hili unataka lijadiliwe kikaoni, na meneja alete waraka wenye hizo namba. Uangalie pia lisije likapenyezwa chini ya "mengineyo" saa kumi na moja jioni watu wakiwa wamebeba mikoba.

Kikaoni usipinge ghala. Wakulima wa kule huenda wanalihitaji kweli. Pendekeza wizara iandike barua ikiomba huduma hiyo, itafute fedha Hazina ya Taifa kupitia bajeti ya ziada, nanyi mliendeshe kwa malipo huku hesabu zake zikitenganishwa na za shirika. Nimeona maombi mengi yakifa yenyewe pale barua inapodaiwa, kwa sababu hakuna anayetaka jina lake chini yake.

Zainabu wa Kisauni
Mimi mwanangu alinyimwa kazi kwenye shirika kama hilo, nafasi akapewa mtu wa mkubwa. Bodi inaweza kusaidia?

Katibu Mstaafu
Pole sana mama. Hilo lipeleke Tume ya Haki za Utawala. Bodi haiajiri vijana wa ngazi za chini.

Mjumbe_Mpya
Shukrani mzee. Lakini Katibu wa Wizara ana mwakilishi wake kwenye bodi. Akisema "serikali imeamua", wenzangu watanyamaza.

Katibu Mstaafu
Ana kura moja kama wewe. Mwombe, kwa heshima, aonyeshe uamuzi huo ulipoandikwa. Ukishindwa, taka jina lako na sababu zako ziingie kwenye kumbukumbu, kisha kikao kinachofuata soma kumbukumbu hizo kabla hazijathibitishwa. Nimeona "mjumbe alipinga" ikigeuka "wajumbe walikubaliana".

Mwanasheria_Nakuru
Niongeze Katiba, ibara ya 226(5): mwenye ofisi ya umma akielekeza au kuidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria, hasara ni yake, hata akishaondoka ofisini. Inamgusa aliyeagiza na aliyeidhinisha. Ila tahadhari: biashara mbovu peke yake siyo uvunjaji wa sheria. Angalia kama zile milioni 60 zimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa na kama zabuni itafuatwa. Hapo ndipo wakaguzi watakaposhika.

Mtani wa Dodoma
Huku Tanzania tuliandika kwa Msajili wa Hazina, anayesimamia mashirika ya umma, kuhusu jambo linalofanana. Mradi ulisimama. Miezi michache baadaye bodi ikavunjwa, na bodi mpya ikaupitisha.

Mjumbe_Mpya
Basi pingamizi lenu lilisaidia nini?

Mtani wa Dodoma
Wakaguzi walipokuja, waraka wetu ulikuwa kwenye faili, na maswali yakaenda kwa walioupitisha mradi. Mradi wenyewe bado unaendelea.

Mjumbe_Mpya
Nimeshamwandikia katibu wa shirika. Mwenyekiti amenipigia mara mbili tangu asubuhi.

Katibu Mstaafu
Pokea, msikilize, kisha umtumie barua pepe fupi ya mlichozungumza.