Mrejesho: Rejesta ya mahudhurio ya kikundi cha ushonaji

Swali langu: "Nina rejesta ya washiriki 18 na vipindi 12 kwenye Excel. Kwa nini asilimia zinatoka ndogo wakati watu wanakuja?"

Wakuu, imekubali. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nagawanya kwa 12 wakati tumefanya vipindi 8 tu. Dada mmoja aliyekuja mara 6, akakosa mara 1 na kuomba ruhusa mara 1, alisomeka 50%. Alinuna, na alikuwa na haki.

Sasa kila seli ina H (amehudhuria), K (amekosa) au R (ruhusa). Kipindi ambacho hakijafika kinabaki tupu. Fomula ya mstari wa 3 ni hii, kisha naiburuta hadi chini:

```
=IFERROR(COUNTIF(C3:N3,"H")/(COUNTIF(C3:N3,"H")+COUNTIF(C3:N3,"K")),"")
```

Ruhusa haihesabiki popote, kwa hiyo dada yule ana 6 kwa 7, yaani 86%. Aliyejiunga katikati naye haonewi, maana seli zake za mwanzo ni tupu. IFERROR inazuia #DIV/0! kwa ambaye hajaandikiwa kitu.

Kilichonisumbua jioni nzima ni mshiriki mmoja ambaye asilimia yake iligoma kupanda. Kumbe msaidizi wangu, akijaza kwa simu, aliandika H ikifuatiwa na nafasi. Kwa macho huioni, ila COUNTIF inairuka. H ndogo haina shida. Nimeweka Data Validation yenye orodha H,K,R, sasa anachagua tu.