Dola inayumba: wastani wa siku 30, EWMA au GARCH?

MwanaMkonge
Wadau, habari za jioni. Niko Tanga, nimeagiza korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, malipo ni kwa dola. Nataka kujua nitenge akiba kiasi gani juu ya bei ya leo endapo dola itayumba. Nimetajiwa njia tatu hizo hapo juu za kukadiria kuyumba kwa bei. Nishike ipi?

BintiHesabu
Kaka, hujasema unalipa lini, wala una bei za siku ngapi.

Raskazone77
GARCH, mkuu, usihangaike. Yangu ilinipa ung'ang'anizi wa 0.98. Maana yake dola ikishapanda itaendelea kupanda. Nunua zote leo.

BintiHesabu
Hapana, kaka Raskazone. Kinachong'ang'ania ni kuyumba, si mwelekeo. Siku ya vurugu hufuatwa na siku za vurugu, iwe kupanda au kushuka, ndiyo maana mabadiliko ya bei huwekwa kwenye mraba. GARCH haikuambii dola itakwenda wapi.

MzeePangani
Wanangu, mimi nilitumia wastani wa siku 30 nilipokuwa naagiza vipuri vya boti. Siku moja dola iliruka vibaya. Mwezi mzima hesabu yangu ikakaa juu, nami nikatenga akiba nene. Siku ya 31 ule mruko ukatoka dirishani, makadirio yakaporomoka usiku mmoja. Sokoni hakukuwa na lolote jipya! Nikadhani kumetulia, nikapunguza akiba. Wiki hiyohiyo dola ikaruka tena, nikaenda kukopa kwa shemeji, na maneno yake nayasikia hadi leo. Njia ile huipa siku ya jana na ya wiki nne zilizopita uzito uleule, kisha huitupa ya zamani kwa mkupuo.

MwanaMkonge
Shikamoo mzee, pole sana. Nalipa baada ya siku 60 za soko. Bei ninazo za siku 120.

BintiHesabu
Basi tuone kwa namba za mfano, si za shilingi. Fomula ya GARCH ni hii, v ikiwa variansi, yaani kipimo cha kuyumba, na e mabadiliko ya bei ya leo kwa asilimia:

```
v_kesho = omega + alpha*e^2 + beta*v_leo
```

Chukua omega 0.02, alpha 0.08, beta 0.90. Alpha na beta zinajumlika kuwa 0.98, ndio ung'ang'anizi. Variansi ya kawaida ni omega gawa kwa 1 toa 0.98, yaani 0.02 gawa kwa 0.02, ambayo ni 1, sawa na kuyumba kwa asilimia 1 kwa siku. Makadirio ya leo yalikuwa hiyo 1, lakini bei imeruka asilimia 3, mraba wake 9. Ya kesho ni 0.02 + 0.72 + 0.90 = 1.64. Ziada ni 0.64, na kila siku hubaki asilimia 98 yake. Nusu huisha kwa siku kama 34.

EWMA ya 0.94, yaani 0.94 ya makadirio ya leo na 0.06 ya mraba wa leo, ingekupa 1.48 kesho, na ingebaki 1.48 hata siku ya 60, kwa sababu haina omega ya kuirudisha nyumbani. Wewe unahitaji jumla ya siku zote 60: GARCH inatoa kama 82.5, EWMA 88.8. Ukichukua kipeuo cha pili ni asilimia 9.1 na 9.4. Kama kuyumba kungekuwa kwa kawaida tu, 7.7.

Raskazone77
Kumbe tofauti yenyewe kiduchu! Halafu EWMA si GARCH ya kivivu tu?

BintiHesabu
Hapo umepatia: omega sifuri, ung'ang'anizi 1. Kwa siku 120 alpha na beta zitayumba kuliko dola yenyewe, kwa hiyo kwa sasa EWMA haikuaibishi. GARCH itafutie bei za miaka minne hivi.

MamaMuheza
Na bei ya machungwa jamani? Kila msimu inavurugika, ikiisha inatulia. Hiyo si GARCH?

BintiHesabu
Dada, huo ni msimu, unaujua kabla haujaja. Utoe kwanza, ndipo uangalie kilichobaki.

MzeePangani
Miaka minne itameza na mwisho wa 2024, shilingi ilipopanda kwa kasi. Soko la kabla na la baada ni moja kweli?

BintiHesabu
Hilo ndilo linalonisumbua, mzee. Ukichanganya kipindi tulivu na cha vurugu, ung'ang'anizi hupanda karibu na 1 hata kama ndani ya kila kipindi ni mdogo. Mimi ningekadiria kila kipande peke yake, nione kama 0.98 inabaki.

Raskazone77
Ukikata unabaki na siku chache tena. Mimi nisingekata.

MzeePangani
Siku chache za soko lako ni bora kuliko nyingi za soko lililokufa.

MwanaMkonge
Ngoja nitafute hizo bei. Hivi, kuna anayejua korona iliyotumika inauzwa hukuhuku kwa shilingi?

MamaMuheza
Njoo inbox.