Ofa ya kazi kwa barua pepe: tutaje mshahara kabla ya makato au baada yake?

Njeri_Vipuri: Habari zenu. Duka letu la vipuri hapa Barabara ya Kirinyaga limepata mtunza ghala, naye bado yuko kazini kwingine. Ninaandaa barua pepe ya ofa. Je, niandike shilingi 80,000 kabla ya makato, au kiasi atakachokipokea mkononi? Na muda wa kujibu, je, "siku tano" zinatosha?

Otieno_K: Andika kitakachoingia benki, kwa kuwa ndicho mtu hutumia kupanga kodi ya nyumba na karo. Ukimpa kiasi kikubwa halafu makato yakakipunguza, ataona amedanganywa.

Mzee_Ajira: Otieno ana haki kuhusu manung'uniko, lakini ukiahidi kiasi cha mkononi umejifunga. Viwango vya makato vikipanda, tofauti hiyo unaweza kudaiwa wewe mwajiri. Kwa 80,000, bima ya SHIF ya asilimia 2.75 ni shilingi 2,200 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 1,200, kabla hujafika NSSF na kodi ya mapato. Kwa hiyo taja 80,000 kabla ya makato ya kisheria, useme kama marupurupu ya nyumba yamo ndani yake, kisha umwambie kuwa mhasibu atamfanyia hesabu ya mkononi akiomba.

Kuhusu muda, "siku tano" huzua ubishi: zinahesabiwa kuanzia lini, na Jumapili imo? Taja siku na saa. Nami ningeanza na tarehe ya kuripoti, nikirudi nyuma. Anayelipwa kwa mwezi kwa kawaida hutoa notisi ya siku 28, na mkataba wake unaweza kudai zaidi, kwa hiyo muulize kwanza. Akitakiwa kuanza Jumatatu tarehe 1 Septemba, jibu lifike mwisho wa Julai. Mfano:

"Tunakupa nafasi ya mtunza ghala kwa mshahara wa shilingi 80,000 kwa mwezi kabla ya makato ya kisheria, marupurupu ya nyumba yakiwemo. Utaripoti kazini Jumatatu, tarehe 1 Septemba 2025, saa mbili asubuhi. Tafadhali jibu barua pepe hii ukieleza kuwa umekubali, kabla ya Ijumaa, tarehe 25 Julai 2025, saa kumi na moja jioni. Usipojibu kufikia wakati huo, ofa hii itakoma."

Achieng_78: Mimi nilipewa ofa kama hiyo nikajiuzulu siku hiyo hiyo, kisha wakaniambia wanasubiri majibu ya wadhamini wangu. Nifanyeje?

Mzee_Ajira: Pole, dada. Suala lako linahitaji wakili aione barua uliyoandikiwa. Kwako, Njeri, ikiwa ofa inategemea wadhamini au vyeti, liseme ndani ya barua hiyo hiyo, na umwombe asitoe notisi kabla hujamthibitishia kwa maandishi.

Otieno_K: Kuhusu kutaja mshahara kabla ya makato, bado sijashawishika. Angalau weka makadirio ya kiasi cha mkononi.

Njeri_Vipuri: Makadirio nitayaweka kwenye karatasi ya mhasibu, si ndani ya ofa. Sasa nampigia nimuulize kuhusu notisi yake.