Simu ya zamani inatuma meseji 15 tu kisha inagoma

Mama Ving'amuzi

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine habari za kutwa. Nina kibanda cha ufundi wa redio, televisheni na ving'amuzi hapa Morogoro. Mteja akiacha kifaa, tunaagana kwamba nitamtumia meseji kikipona. Zamani nilikuwa naandika moja moja, ikifika Jumamosi kidole gumba kinakufa ganzi.

Mdogo wangu wa chuo akachukua simu yangu ya zamani ya Androidi, ile iliyopasuka kioo, akaweka Termux na Termux:API zote kutoka F-Droid, laini yenye bando la meseji, na kitu hiki:

```
while IFS=, read -r namba ujumbe; do
  termux-sms-send -n "$namba" "$ujumbe"
  sleep 2
done < orodha.csv
```

Orodha ina namba, koma, halafu maneno. Maneno yenyewe niliyaandika kwenye Word kwa jirani wa steshenari, nayanakili kila siku:

```
Habari, king’amuzi chako kimeshatengenezwa. Njoo na risiti. Duka linafungwa saa 12 jioni.
```

Sasa Jumamosi nina watu 40. Zinaenda 15, basi. Skripti inaendelea mpaka mwisho kama vile hakuna kitu, ila wateja hawapati. Nikisubiri nusu saa nikaanza upya, zinaenda tena 15. Na bando linakwisha haraka kuliko hesabu yangu. Mdogo wangu yuko kwenye mitihani, hapokei simu. Nisaidieni.

Chuma cha Pua

Dada, mtandao umekushtukia. Laini ya kawaida ukiitumia kwa fujo namna hiyo wanaibana. Weka laini ya pili, gawa wateja nusu kwa nusu.

Binti Pwani

Samahani kuingilia, hii inaweza kunisomea meseji za malipo ya wateja ziingie zenyewe kwenye daftari la kompyuta? Maana mimi shida yangu ni kupokea, siyo kutuma.

Mzee wa Waya

Binti Pwani, kusoma meseji inaweza, ipo `termux-sms-list`, lakini fungua uzi wako tuongee huko. Tusimchanganye mwenzio.

Mama Ving'amuzi, kabla ya kununua laini nyingine niambie mambo mawili. Zinapogoma, ukiwasha kioo cha simu hiyo unaona nini? Na bando, ukituma meseji moja tu, salio linapungua ngapi?

Mama Ving'amuzi

Shikamoo mzee. Kioo huwa sikitazami, simu iko kwenye rafu nyuma ya redio mbovu. Ngoja nijaribu.

...

Nimerudi. Kuna kisanduku kinasema Termux:API inatuma meseji nyingi, niruhusu au nikatae? Niliporuhusu zikaenda nyingine chache, siyo zote. Na salio, Mungu wangu, meseji moja inakata MBILI.

Mzee wa Waya

Marahaba. Basi ugonjwa ni mmoja, dalili ndizo mbili.

Androidi kwenye simu nyingi ina mlinzi wake. Programu moja ikishatuma meseji 30 ndani ya muda mfupi, simu inasimama na kumuuliza mwenyewe. Lengo ni kuzuia programu za kihuni zisikumalizie salio. Zinazofuata, chache zinawekwa foleni kungoja jibu lako, nyingine zinatupwa hapohapo, ndiyo maana ulipobonyeza kuruhusu hazikwenda zote. Chuma cha Pua hajakosea kwamba mitandao hubana laini, ila huyo angekuwa mtandao, kisanduku kisingetokea kwenye kioo chako.

Utasema, mbona mimi ni 15 siyo 30? Kwa sababu kila meseji yako ni meseji mbili, na mlinzi anahesabu vipande. 15 mara mbili.

Na kwa nini mbili? Nimehesabu maneno yako, herufi 89. Meseji ya herufi za kawaida inabeba 160, kwa hiyo ingetosha moja na nafasi ikabaki. Tatizo ni king'amuzi. Word imekubadilishia kile kialama cha ng' kikawa kimepinda, ’ badala ya '. Kile kilichopinda hakimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Kikiwemo kimoja tu, meseji nzima inahamia kwenye mwandiko mwingine ambao unabeba herufi 70. Wewe una 89, inakatwa vipande viwili. Emoji nazo ni hivyohivyo. Sisi wenye ng'ombe na ng'ambo ndio tunaliwa bando bila kujua.

Nyoosha alama zote kwa amri moja:

```
sed -i "s/’/'/g" orodha.csv
```

Kisha `sleep 2` ifanye `sleep 70`. Watu 40 watachukua kama dakika 47, anzisha ukiwa unafunga hesabu. Ipo njia ya kuongeza kikomo kwa kuunganisha simu na kompyuta, ila kwa wateja 40 sioni haja, na ukituma mfululizo ndipo yale ya Chuma cha Pua yatakapokukuta kweli.

Chuma cha Pua

Daah. Mzee nimekaa chini. Kumbe hata zile zangu za mchango wa harusi zilikuwa zinakata mbili, nilikuwa naweka ua la waridi mwishoni.

Kaka wa Unguja

Hiyo simu iko kwenye chaja muda wote? Mimi nilikuwa na kama hiyo dukani, nikaichomeka miezi mingi bila kuchomoa, juu ya friji palipo joto. Siku moja nikaona mfuniko wa nyuma umeinuka, ukiiweka mezani inayumba kama mashua. Betri imevimba. Nikaitoa nje kwa tahadhari, sikuichoma wala kuitoboa.

Mama Ving'amuzi

Kaka umenitisha, iko kwenye chaja tangu mwezi wa tatu. Nimeigeuza, mgongo bado bapa. Leo naichomoa.

Mzee wa Waya

Asubuhi chomeka, ikifika asilimia 80 chomoa. Na iondoe nyuma ya redio, weka mahali penye hewa na kioo ukione.

Mama Ving'amuzi

Wakuu mrejesho wa Jumamosi. Salio linakata moja moja! Zimeenda 39 bila kisanduku. Ila mteja wa 40 hakupata, na nikiangalia vizuri, hata siku zile za wateja 8 au 10, wa mwisho alikuwa analalamika. Mimi nilidhani ni mkorofi tu, ni baba mmoja mwenye redio ya mbao.

Mzee wa Waya

Umsamehe. Mstari wa mwisho usipofungwa kwa Enta, `read` inausoma lakini kitanzi kinaishia hapo kabla ya kutuma. Bonyeza Enta mwisho wa orodha, au badilisha mstari wa kwanza uwe hivi:

```
while IFS=, read -r namba ujumbe || [ -n "$namba" ]; do
```

Mama Ving'amuzi

Nimebadilisha, baba wa redio kapata. Swali la mwisho mzee: nitajuaje kama meseji imefika kwake kweli, siyo kutoka kwangu tu?

Mzee wa Waya

Hapo hiyo amri haikusaidii. Inakabidhi meseji kwa simu, haikuletei taarifa ya kupokelewa. Mimi wangu nawaambia wajibu "sawa", wasiojibu nawapigia kesho yake.

Binti Pwani

Nusu ya wateja wangu hawajibu hata nikiwaambia wameshinda zawadi. Kuna mwenye njia nyingine?