Poka ya karata saba: mnahesabuje karata zilizokufa?

Mwana_Ilala: Wakuu, habari za jioni. Tuko kikundi cha watu saba hapa New Jersey, tunacheza stadi ya karata saba, dau dogo dola 2 na dau kubwa dola 4. Naomba mnisaidie kwenye mkono huu.

Nilipewa ree ya kopa na 9 ya kopa zikiwa zimefunikwa, na 4 ya kopa wazi. Wenzangu walionyesha mfalme wa kopa, 7 ya kopa, ghulamu wa shupaza, 10 ya maua, 4 ya uru na 2 ya uru. Watatu wa mwisho wakatupa. Karata ya nne nikapata 10 ya kopa. Mfalme akapata 6 ya maua, mwenye 7 akapata 5 ya kopa, ghulamu akapata 9 ya uru akatupa. Karata ya tano mimi nikapewa 3 ya maua, mfalme akapata 8 ya shupaza, na mwenye 7 na 5 akaongezewa malkia wa kopa! Mezani kulikuwa na dola 18 hivi. Mfalme akaweka 4, mwenye kopa akafuata. Nafuata au natupa? Natafuta flashi, yaani kopa tano, na rafiki yangu anasema kopa nne mkononi haziachwi.

Kaka_Sudi: Kopa nne na karata mbili bado zinakuja, mkuu, unafuata macho yamefumba. Mimi juzi nilikuwa na kopa mbili, za mezani zikaja mbili, nikapata ya tano mwisho. Kwani hapo mezani za wote zilikuwa zipi?

Bibi_Karata: Kaka Sudi, hiyo unayosema ni holdem. Hapa hakuna karata za wote, kila mtu ana zake, na ndiyo maana za wenzako unazoziona ni habari ya bure.

Mwana Ilala, hesabu hivi. Kopa ni 13. Wewe unazo 4. Mezani umeona mfalme, 7, 5 na malkia, hizo 4 zimekufa. Zimebaki 5: ghulamu, 8, 6, 3 na 2. Sasa hesabu karata zote ulizoziona: zako 5, za waliotupa mwanzo 3, za ghulamu 2, za wapinzani wawili 6. Jumla 16, kwa hiyo usizozijua ni 36. Kupata angalau kopa moja katika karata mbili hapo ni kama 26%. Kama usingeona kopa hata moja kwa wenzako, ingekuwa kama 44%. Rafiki yako anacheza hiyo 44% wakati wewe unayo 26%.

Mzee_wa_Pau: Umesahau kitu, dada. Zile zilizofunikwa za wapinzani nazo zimekufa. Wawili, kila mmoja mbili, toa 4 kwenye 36.

Bibi_Karata: Hapana, kaka. Karata usiyoijua haijalishi iko mkononi mwa mtu au kwenye deki. Huwezi kutoa karata 4 bila kujua kama ni kopa. Ila una hoja kwa mtu mmoja: yule mwenye kopa tatu wazi. Alibaki na 7 na 5, karata ndogo, kwa hiyo inawezekana chini ana kopa pia. Akiwa nazo mbili, zimebaki 3 kati ya 34, na nafasi yako inashuka hadi kama 17%.

Upande wa hela: ukilipa 4 sasa na 4 karata ya sita, nao wakilipa vivyo hivyo, utakuwa umeweka 8 kwa ajili ya kama 34 za mezani. Ni zaidi kidogo ya mara nne. Kwa 26% inalipa, kwa 17% hailipi.

Mwana_Ilala: Asante sana dada. Sasa waliotupa, karata zao zinageuzwa na kuondolewa. Nazikumbukaje?

Bibi_Karata: Kabla hujafunua zako, zungusha macho kuanzia kushoto kwa mgawaji, uzitaje kimoyomoyo. Ukishaziona zako, shika zile tu zinazokuhusu: kopa ngapi, na 9 au 4 zimetoka wapi. Mtu akitupa, irudie karata yake mara moja kabla haijageuzwa.

Mzee_wa_Pau: Lakini mwenye kopa, kama tayari ana tano, mbona alifuata tu bila kupandisha?

Bibi_Karata: Hapo ndipo pagumu. Labda anazo nne, labda anamvuta mfalme. Mimi ningekuwa nimekaa naye usiku mzima ningeamua kwa jinsi anavyocheza. Na kumbuka, Mwana Ilala ana ree ya kopa: flashi zikigongana, yake ndiyo kubwa, na huyo atalipa mwisho.

Mzee_wa_Pau: Bado mimi ningetupa.