Nimerushiwa zawadi za elfu 50 laivu, mkononi nimeshika 14,000!! Huu si wizi?

Wakuu mbukwenyi, naandika nina hasira mpaka chai imepoa. Kila usiku saa 3 naingia laivu hapa Nkuhungu nafundisha watu Kigogo, ringi laiti nimekopa, bando juu yangu. Juzi tukaingia mechi ya dakika 5 na dada mmoja wa Mwanza, jamaa yangu wa Manyoni akanunua koini za elfu 50 humo humo kwenye app akapata 1,400, akazimwaga zote zile sekunde za bonasi mara tatu, ubao ukasoma 4,200, nikashinda, nikapiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Asubuhi nafungua salio nakuta almasi 1,400 tu, ukigeuza ni dola 7! Na aliyenitolea hizo dola kakata asilimia 20 yake. Zile 2,800 nyingine kala nani???

Bwana_Zabibu: Hakuna aliyekula mkuu. Bonasi inazidisha pointi za mechi, haizidishi hela, pointi ni za ubao tu. Wewe angalia almasi. Kwenye mtandao huo almasi 200 ndo dola 1, kwa hiyo 1,400 ni dola 7, na dola ukiiweka 2,500 ni 17,500. Ukatoa 3,500 ya huyo dalali wako inabaki 14,000. Hesabu imekaa.

mamaJ_Makole: hiyo ni TRA hiyo, wanakata juu kwa juu

Bwana_Zabibu: Kodi ipo dada ila si ndo iliyokula hapa. Duka la app linachukua mpaka asilimia 30 ya ile elfu 50, ndo maana koini za ndani ya app ni ghali. Zikishatumwa, mtandao nao unabaki na kama nusu ya thamani yake. Mwambie wa Manyoni siku nyingine anunue kwa brauza kwenye tovuti yao, elfu 50 ile ile inatoa koini nyingi zaidi, na kwako almasi zinaongezeka.

Kondoa_Finest: Mi nilituma koini 500 kwa demu akanibloku saa hiyo hiyo, narudishiwaje?

Bwana_Zabibu: Hiyo imeenda kaka 😂

Mleta uzi: Sawa pointi nimeelewa, nilikuwa mjinga. Ila yani jamaa katoa elfu 50, mi napata 17,500 na bado nimlipe mtu 3,500 kunitolea?? Mimi ndo niliyepasuka koo!! Kuna mtu humu Dodoma anatoa moja kwa moja benki bila dalali? Maana yangu inagoma, naweka jina la kwenye kitambulisho inaniambia halifanani na la akaunti.

mamaJ_Makole: na mie yangu inagoma hivyo hivyo tangu mwezi uliopita